Kitau ni kiatu au kitabu? Hotuba kuhusu kisanduku cha kutafutia kinachosahihisha tahajia

Ndugu zangu watengenezaji wa programu, na ninyi mnaosimamia maduka ya mtandaoni mliokuja kusikiliza, shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za asubuhi.

Mteja ameandika herufi tano kwenye kisanduku cha kutafutia: kitau. Hakuna bidhaa yenye jina hilo. Ukurasa unaweza kumjibu kwamba hakuna kilichopatikana, na mnajua wenyewe kinachofuata, anafunga na kwenda kwingine. Ama unaweza kumuuliza: Je, ulimaanisha kiatu? Nimeombwa nizungumzie swali hilo fupi. Linatengenezwaje, kwa nini mara nyingine linampata mteja barabara, na kwa nini mara nyingine linamfanya aone kwamba tovuti yetu haina akili.

Nimelichagua kitau kwa sababu ni kosa gumu kuliko linavyoonekana. Ukifuta a, unapata kitu. Ukichomeka b, unapata kitabu. Ukibadilishana nafasi za t na a, unapata kiatu. Maneno matatu halali, na kila moja liko hatua moja tu kutoka kwenye kile alichoandika mteja. Programu inayojua kuhesabu hatua peke yake haina sababu ya kuchagua lolote kati ya hayo.

Tuanze na hizo hatua. Mwaka 1964 Frederick Damerau wa IBM alichapisha makala yenye ugunduzi ambao bado tunautegemea: zaidi ya asilimia 80 ya makosa ya tahajia aliyoyachunguza yalikuwa na kosa moja tu, nalo ni la aina moja kati ya nne. Herufi imezidi, herufi imepungua, herufi imeandikwa badala ya nyingine, au herufi mbili jirani zimebadilishana nafasi. Mwaka uliofuata, 1965, Mrusi Vladimir Levenshtein naye alieleza umbali kati ya mifuatano miwili ya alama. Yeye hakuwa akifikiria tahajia hata kidogo. Alikuwa akitafuta namna ya kusahihisha ujumbe wa tarakimu 0 na 1 unaoharibika njiani. Ila kipimo chake ndicho leo tunachokiita umbali wa uhariri: idadi ndogo kabisa ya kufuta, kuchomeka na kubadili herufi inayotosha kuligeuza neno moja kuwa jingine.

Kukihesabu si kazi kubwa. Mnachora jedwali, neno moja kwa upande, jingine kwa juu, na kila kisanduku kinaandikwa gharama ndogo zaidi ya kufika pale. Kwenye skrini niliweka hili:

```
      -  k  i  a  t  u
  -   0  1  2  3  4  5
  k   1  0  1  2  3  4
  i   2  1  0  1  2  3
  t   3  2  1  1  1  2
  a   4  3  2  1  2  2
  u   5  4  3  2  2  2
```

Kila namba inatokana na majirani wake watatu. Wa juu ukiongeza moja ni kufuta herufi, wa kushoto ukiongeza moja ni kuchomeka, na wa pembeni juu kushoto ni kubadili, isipokuwa herufi zikifanana, hapo unamchukua alivyo bila kuongeza kitu. Jibu liko kona ya chini kulia: mbili.

Mbili, si moja! Kwa Levenshtein, kitau iko mbali na kiatu kuliko ilivyo na kitabu au kitu, kwa sababu kipimo chake hakitambui kubadilishana nafasi kama kosa moja. Kinaliona kama makosa mawili. Damerau alilitambua kama moja. Tofauti hii ndogo inaamua mengi kwa mtu anayeandika kwa vidole gumba viwili kwenye simu, ambapo kidole kimoja kinatangulia kingine kila mara. Kwa hiyo kabla ya kutumia maktaba yoyote ya programu, tazameni inahesabu kwa namna gani. Utafutaji wa makisio wa injini ya Elasticsearch, ukiuacha ulivyo, unahesabu kubadilishana nafasi kuwa hatua moja. Amri ya `levenshtein` iliyomo kwenye kiendelezi cha `fuzzystrmatch` cha hifadhidata ya PostgreSQL haifanyi hivyo. Nimewahi kuona watu wawili wakibishana kuhusu matokeo ya data ileile, na kumbe ugomvi wote ulikuwa hapo.

Sasa, kuna njia rahisi ya kupata maneno ya kupendekeza: chukua alichoandika mteja, tengeneza mabadiliko yote ya hatua moja, kisha bakiza yale yaliyomo kwenye orodha yako. Kwa alfabeti ya herufi 26, neno lenye herufi n linatoa majaribio 54n+25. Kwa kitau ni 295, kompyuta inayamaliza kabla hujapepesa macho. Ukitaka hatua mbili, idadi inalipuka hadi makumi ya maelfu, na ndiyo maana injini kubwa zina mbinu zao za kupita kwenye orodha ya maneno bila kutengeneza kila jaribio. Sitazieleza leo. Mkitumia injini iliyokwisha kutengenezwa, kazi hiyo imefanywa, na kwa kweli si hapo mambo yanapoharibika.

Yanaharibika kwenye kuchagua. Na Kiswahili kinaifanya kazi hiyo kuwa ngumu kwa namna ambayo walioandika programu hizi kwa ajili ya Kiingereza hawakulazimika kuifikiria. Chukueni kupika. Hatua moja kutoka hapo kuna kupiga, kupita, kupima, kupaka, kufika, kuzika, kuvika, kuwika, kupikia na kupikwa. Nimefika kumi bila kufungua kamusi. Silabi zetu ni fupi, nyingi ni konsonanti moja na irabu moja, na vitenzi vinazaliana kwa viambishi. Maneno yetu yamesongamana. Ukigusa herufi moja, mara nyingi hupati upuuzi, unapata neno jingine halali. Halafu kuna ngeli: kiatu na viatu, kitanda na vitanda, umbali wake ni hatua moja, lakini hakuna aliyekosea. Tovuti inayomwambia aliyetafuta viatu "Je, ulimaanisha kiatu?" inastahili kuchekwa. Umoja na wingi mvishughulikie mapema, kwenye kuorodhesha bidhaa, ili vyote viwili vilete matokeo yaleyale, visifike kabisa kwenye kisahihishaji.

Basi anayeamua ni nani? Ni watu waliotafuta kabla ya huyu. Muuza duka wa mtaani ukimwambia nipe sufulia, anainuka na kukupa sufuria bila hata kukutazama. Hakulitafuta neno popote. Amewasikia mia wakisema hivyo na amewaona mia wakiondoka na sufuria. Kumbukumbu za utafutaji, hizo tunazoziita logi, ndizo masikio ya tovuti yako.

Mfano maarufu wa jambo hili ulitolewa na Google wenyewe. Walichapisha orodha ya namna watu walivyoandika jina la mwanamuziki Britney Spears katika miezi mitatu, na zilikuwa namna karibu 600. Watu 488,941 waliliandika sawa. Waliofuata kwa wingi, walioandika Brittany, walikuwa 40,134. Baada ya hapo idadi inashuka kwa kasi hadi kwenye mikia ya watu wawili wawili. Hakuna kamusi yenye jina lile, na hakuna aliyehitaji kuiandika. Umati uliandika jina sahihi mara nyingi kuliko kosa lolote moja, kwa sababu wanaokosea hawakubaliani namna ya kukosea.

Mwaka 2004 Silviu Cucerzan na Eric Brill wa Microsoft waliusukuma mbele zaidi ufahamu huo. Walieleza kwamba asilimia 10 hadi 15 ya utafutaji wote unaotumwa kwenye injini una makosa, na wakaonyesha kwamba si lazima uruke kutoka kwenye kosa baya hadi usahihi kwa mruko mmoja. Unaweza kupita kwenye makosa madogo ya watu wengine kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Mfano wao ulikuwa *anol scwartegger*. Hapo hadi Arnold Schwarzenegger ni mbali mno kwa umbali wa uhariri. Lakini kati yao kuna watu walioandika *arnold schwartnegger*, na wengine *arnold schwarznegger*, kila mmoja akiwa amekosea kidogo kuliko aliyemtangulia. Unasahihisha, kisha unasahihisha ulichosahihisha, hadi neno litulie.

Turudi kwa kitau tuihesabu. Namba hizi ni za mfano, nimezipanga ili hesabu iwe nyepesi. Tuseme kwa miezi mitatu watu 900 wametafuta kiatu, 600 wametafuta kitabu, na 30 wametafuta kitu. Tuseme pia tumepima makosa: kubadilishana nafasi katikati ya neno kunampata mtu mmoja kati ya 500, kuruka konsonanti mtu mmoja kati ya 2,000, na kuongeza irabu mtu mmoja kati ya 1,000. Sasa swali si neno lipi liko karibu. Swali ni hili: katika umati huu, ni wangapi tungetegemea waandike kitau kwa kila sababu? Kwa kiatu, 900 gawanya kwa 500, watu 1.8. Kwa kitabu, 600 gawanya kwa 2,000, watu 0.3. Kwa kitu, 0.03. Kiatu inaishinda kitabu mara sita, yaani kati ya watu 100 walioandika kitau, karibu 85 walitaka kiatu.

Hesabu hiyo ya kuzidisha umaarufu wa neno kwa uwezekano wa kosa ilipata umaarufu kupitia kazi ya Mark Kernighan, Kenneth Church na William Gale wa maabara za Bell mwaka 1990. Angalieni uzuri wake: umbali wa uhariri haukutupwa, umeshushwa cheo tu. Sasa kazi yake ni kuleta wagombea. Kura zinapigwa na logi.

Na neno lililo jirani linaweza kuipindua kura. Mteja akiandika "kitau cha hesabu", logi haina hata mtu mmoja aliyetafuta kiatu cha hesabu, na wapo chungu nzima waliotafuta kitabu cha hesabu. Akiandika "kitau cha mpira", hapo kuna viatu vya mpira na kuna vitabu vya mpira, na kiatu kinabaki mbele. Kwa hiyo pimeni sentensi nzima iliyotafutwa kila inapowezekana, msisahihishe neno moja moja kama vile mengine hayapo.

Mtaniuliza, zile namba za makosa, mmoja kati ya 500 na kadhalika, nazipata wapi? Hapa ndipo penye utajiri ambao tovuti nyingi zinaukalia bila kujua. Watu hujisahihisha wenyewe. Mtu anaandika kitau, anaona ukurasa mtupu, anajitazama, anaandika kiatu, anabofya bidhaa. Mambo hayo yote yamo kwenye logi yako, yakiwa yamefuatana, ya mtu yuleyule, ndani ya dakika moja. Ni somo la tahajia limetolewa bure. Kwenye PostgreSQL unaweza kuanza na kitu kifupi kama hiki:

```sql
CREATE EXTENSION IF NOT EXISTS fuzzystrmatch;

SELECT a.neno, b.neno,
       COUNT(DISTINCT a.mtumiaji) AS watu
FROM utafutaji a
JOIN utafutaji b
  ON b.kipindi = a.kipindi
 AND b.nafasi = a.nafasi + 1
WHERE levenshtein(a.neno, b.neno) BETWEEN 1 AND 2
GROUP BY a.neno, b.neno
HAVING COUNT(DISTINCT a.mtumiaji) >= 20
ORDER BY watu DESC;
```

Nimeruhusu umbali wa mbili kwa sababu ile niliyosema, kubadilishana nafasi kunahesabiwa mbili hapa. Na nimehesabu watu, si mara. Mtu mmoja mwenye mtandao mbovu anaweza kubonyeza kitufe kilekile mara arobaini, na roboti moja inaweza kuandika upuuzi mara elfu kumi usiku mmoja.

Mkiendesha amri hiyo, matokeo ya kwanza yatawavunja moyo kidogo. Mtaona kitau kwenda kiatu, vizuri. Lakini juu yake mtaona "shati jeupe" kwenda "shati jeusi". Mtaona "kitanda 5x6" kwenda "kitanda 4x6". Umbali wa jeupe na jeusi ni mbili, wa 5x6 na 4x6 ni moja. Hawa hawakukosea. Wamebadili mawazo, au wamepata bei ya futi tano kwa sita wakashtuka. Ukizifanya jozi hizi kuwa masahihisho, utamwambia mteja mwenye chumba kikubwa kwamba alimaanisha kitanda kidogo.

Kuna namna mbili za kuwatenganisha, na nazipenda kwa sababu hazihitaji kamusi. Ya kwanza ni kutazama mwelekeo. Wanaotoka kitau kwenda kiatu ni wengi, wanaotoka kiatu kwenda kitau ni karibu sifuri. Kosa lina njia ya upande mmoja. Lakini kutoka jeupe kwenda jeusi na kutoka jeusi kurudi jeupe, idadi hukaribiana. Idadi za pande zote mbili zikikaribiana hivyo, hayo ni mapendeleo, si tahajia. Ya pili ni kutazama alichofanya mtu katika utafutaji wa kwanza. Aliyeandika 5x6 alipata vitanda, akabofya kimoja au viwili, ndipo akaandika tena. Aliyeandika kitau hakubofya kitu. Kwa tarakimu mimi siachi hata nafasi ya majadiliano: vipimo, namba za modeli na saizi za viatu havisahihishwi kabisa.

Njia hiyohiyo inawalinda wanaoandika kwa namna tofauti bila kukosea. Kanga na khanga. Wote wawili wapo wengi, wote wanabofya, wote wananunua, na karibu hakuna anayetoka kwenye moja kwenda nyingine. Logi inakuambia waziwazi kwamba hakuna kosa hapa. Kinachotakiwa ni maneno hayo mawili yalete bidhaa zilezile, kimya kimya, bila kumsahihisha mtu wa Mombasa wala wa Mwanza.

Sasa nigusie masikio na midomo yetu, maana umbali wa uhariri haujui kutamka. Zahabu kwa dhahabu ni kosa moja mdomoni, lakini kwa herufi ni hatua mbili: d imekuwa z, h imefutwa. Mchere kwa mchele ni hatua moja, sawa na mchege kwa mchele, ingawa la kwanza linaandikwa kila siku na la pili sijawahi kuliona. Vijana nao wanaandika xana kwa sana. Brill, pamoja na Robert Moore, walionyesha mwaka 2000 kwamba ni bora kuhesabu kipande kizima cha herufi kugeuka kipande kingine, kila kigeuko na gharama yake, badala ya herufi moja moja. Kwetu maana yake ni kwamba dh kuwa z ni bei rahisi, th kuwa s ni bei rahisi, l na r ni bei rahisi, na g kuwa k si rahisi kiasi hicho. Msizipange bei hizo mezani kwa kukisia. Zihesabuni kutoka kwenye zile jozi za watu waliojisahihisha.

Kuna mtego mmoja hapa ambao umewapata wengi wanaochukua programu bila kufungua mipangilio. Kipendekezaji cha maneno cha Elasticsearch kina kipimo kinachoitwa `prefix_length`, na kikiachwa kilivyo ni 1, yaani herufi ya kwanza ya neno lazima iwe sahihi. Wazo ni kwamba watu hawakosei mwanzoni mwa neno, na kutotafuta makosa hapo kunaokoa muda. Waswahili wanakosea mwanzoni, na sababu ni h. Wanaandika ereni kwa hereni. Kwa kipimo hicho, ereni haitaipata hereni milele, na hakuna ujumbe wowote wa hitilafu utakaowajulisha. Mtaona ukurasa mtupu tu. Kiwekeni 0, mkubali kulipia muda kidogo.

Na kuna makosa ambayo hata jicho la mhariri linayapita. Watu wengi wanaotaka makochi na makabati huandika "thamani za ndani", nao wanataka samani. Thamani ni neno halali kabisa. Kisahihishaji cha kamusi kinalipita kwa heshima. Kisahihishaji kinachongoja ukurasa mtupu kinaweza kulipita pia, kwa sababu wauzaji wenyewe wameandika thamani za ndani kwenye matangazo yao, kwa hiyo matokeo yapo. Hapa logi inafanya zaidi ya kusahihisha. Ukiona waliotafuta thamani za ndani wakibofya bidhaa zilezile zinazobofywa na waliotafuta samani, umepata ushahidi. Ushauri wangu hapo ni msimuulize mteja chochote. Muonyesheni makochi.

Niseme sasa jinsi logi inavyodanganya, maana kuna njia mbili zilizofichika sana. Ya kwanza ni pale kisanduku kinapotafuta kila unapobonyeza herufi. Logi inajaa kia, kiat, kiatu, na ile amri niliyowaonyesha itaapa kwamba maelfu ya watu wanakosea kiatu kwa kuandika kiat. Hakuna aliyekosea, walikuwa bado wanaandika. Hifadhini utafutaji uliotulia tu: mtu amebonyeza kitufe cha kutafuta, amebofya tokeo, au ameacha kuandika kwa sekunde kadhaa.

Ya pili ni mapendekezo kujilisha yenyewe. Siku mtakayoanza kuonyesha "Je, ulimaanisha kiatu?", watu wataanza kubofya hilo, na kila mbofyo utaingia kwenye logi kama utafutaji wa kiatu. Umaarufu wa kiatu unapanda kwa sababu mmekipendekeza, na mnakipendekeza kwa sababu umaarufu umepanda. Neno dogo lililo jirani linazama. Wekeni alama kwenye kila mstari wa logi: hili limeandikwa kwa mkono, hili limetokana na pendekezo. Umaarufu mhesabu kwa yaliyoandikwa kwa mkono peke yake. Na waacheni wateja wachache, kwa kura ya nasibu, bila mapendekezo yoyote, ili muone watu wanavyojisahihisha wenyewe pasipo ninyi kuwashika mkono.

Kuhusu namna ya kumwambia mteja, nitapita haraka. Utafutaji usio na tokeo lolote na wenye mgombea mmoja aliye mbele kwa mbali, sahihisheni moja kwa moja, mkiandika juu wazi kwamba mnaonyesha matokeo ya kiatu na kuacha kiungo cha kurudi kitau. Wagombea wakikaribiana, ulizeni. Utafutaji wenye matokeo mazuri, nyamazeni. Maneno mafupi yaogopeni: kwa mpangilio wa kawaida wa Elasticsearch uitwao `AUTO`, neno la herufi moja au mbili haliguswi, la tatu hadi tano linaruhusiwa hatua moja, na kuanzia sita hatua mbili. Kwa Kiswahili hata hatua moja kwenye neno la herufi nne ni nyingi. Kiti na kitu, dera na dira. Mama aliyetafuta dera hataki kuuzwa dira.

Na faragha, nayo siyo nyongeza. Agosti 2006 kampuni ya Marekani ya AOL ilitoa hadharani logi ya utafutaji takriban milioni 20 wa watu wapatao 650,000, majina yakiwa yamebadilishwa kuwa namba. Ndani ya siku chache waandishi wa gazeti la New York Times walimtambua mwanamke mmoja kwa maneno aliyoyatafuta tu. Watu huandika kwenye kisanduku majina ya jirani zao, namba za simu, magonjwa yao. Kisahihishaji kikijifunza jina la mtu kutoka kwa mtafutaji mmoja, kitamwonyesha mtu mwingine. Ile namba 20 kwenye amri yangu ina kazi mbili: inaondoa kelele, na inahakikisha kwamba hakuna pendekezo linalotoka kwa mtu mmoja au familia moja. Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019, Tanzania tangu 2022. Logi ya utafutaji yenye utambulisho wa mtu ni data binafsi, na nashauri utambulisho ufutwe mara tu jozi zikishahesabiwa.

Niliposema nimemaliza, dada mmoja aliyekaa nyuma aliuliza swali ambalo nililitarajia: duka lake lina utafutaji mia mbili kwa siku, sasa logi hiyo itamfundisha nini?

Nilimjibu kwamba kwa wingi huo asijidanganye na uwezekano wa makosa, jozi hazitoshi. Aanze na orodha ya bidhaa zake kama kamusi, na umaarufu wa neno auchukue kwenye idadi ya mauzo badala ya utafutaji. Bei za vigeuko aandike chache kwa mkono, zile ambazo kila mtu anazijua: l na r, h iliyodondoka, dh na z, th na s, x na s. Kisha kila Jumatatu afungue utafutaji wote ambao haukuleta kitu wiki iliyopita, aupange kwa idadi ya watu, na asome hamsini za juu kwa macho yake. Akasema hamsini ni nyingi. Nikamwambia kwa duka la ukubwa wake, baada ya zile ishirini za kwanza atakuta zilizobaki zimetafutwa na mtu mmoja mmoja, na hapo anaweza kufunga kompyuta. Na katika hizo ishirini, ategemee kwamba nyingine si makosa kabisa, bali ni bidhaa ambazo watu wanazitaka na yeye hazileti.